Notisi ya kuhama: tarehe moja inaweza kumeza amana yote

Wapangaji wengi wanaofika kwenye dawati letu la msaada wa sheria Nairobi wakililia amana huwa walitoa notisi. Kosa huwa kwenye tarehe.

Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012, kifungu cha 57, inataka upangaji wa mwezi kwa mwezi uvunjwe kwa notisi isiyopungua mwezi, tena iishe siku ya kulipa kodi. Tuseme unaishi Pipeline, kodi ni shilingi 12,000 kila tarehe 1, na amana ni kiasi hicho hicho. Ukipeleka barua tarehe 3 Septemba, huwezi kujihesabia mwezi ukatoka tarehe 3 Oktoba. Notisi yako itaisha tarehe 1 Novemba, kwa hiyo kodi ya Oktoba unadaiwa, na amana ndiyo itakayoilipa. Ungeipeleka tarehe 31 Agosti, ungetoka tarehe 1 Oktoba bila deni. Kama mna mkataba ulioandikwa, soma kwanza unasemaje kuhusu notisi.

Barua yenyewe haihitaji maneno mazito:

"Mimi mpangaji wa nyumba B7 natoa notisi ya kuhama. Nitakabidhi funguo tarehe 1 Oktoba. Naomba tuikague nyumba pamoja tarehe 30 Septemba saa nne asubuhi, ikiwa tupu, na tuandike tutakayoyakuta. Naomba amana yangu ya shilingi 12,000 irudishwe kufikia tarehe 8 Oktoba kwa M-Pesa, nambari iliyo hapa chini. Kukiwa na makato, naomba orodha yake pamoja na risiti."

Tarehe 8 ni ombi lako tu, lakini mwenye nyumba akiikubali kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, imekuwa ahadi. Chapisha nakala mbili. Kereteka apokee moja, na kwenye ile yako aandike jina, tarehe na sahihi. Kumwambia kwa mdomo pale getini hakukuachii kitu cha kuonyesha baadaye.

Ukaguzi ufanyike funguo zikiwa bado mkononi mwako. Ukishazitoa, sinki likipasuka wiki ijayo nani atajua ni la nani? Zungukeni chumba kwa chumba: fungueni mifereji, vuteni maji chooni, washeni taa, pigeni picha mita ya maji. Rangi iliyopauka kwa miaka miwili ni uchakavu wa kawaida, ila kioo kilichovunjika ni chako. Mikataba mingi hata hivyo humtaka mpangaji apake rangi upya, na ukikubaliana na fundi wako mwenyewe mara nyingi hutoka nafuu kuliko makato. Mwisho wote wawili mtie sahihi.

Tarehe 8 ikipita kimya, mwandikie mara ya pili ukimpa siku saba. Baada ya hapo kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na huhitaji wakili. Nenda na mkataba, risiti ya amana, nakala yenye sahihi ya kereteka na karatasi ya ukaguzi.