Kuwahi mlangoni hakukupi kiti: tiketi ya kusimama kwenye treni za China

Nimeusikia tena ushauri huu, safari hii ukipewa mtu anayejiandaa kutoka Yiwu kwenda Guangzhou na mabegi mawili: "Viti vikiisha nunua ya kusimama, halafu wahi foleni. Ukipanda wa kwanza utakaa." Hapana. Jamani, hapana. Kwenye treni ya China ukipanda wa kwanza utapata mahali pa kuweka begi kwenye keria, basi. Kiti utakachokalia kina mwenyewe. Atakuja, atakuonyesha namba yake kwenye simu, nawe utainuka huku behewa zima linakutazama.

Ulikotoka ushauri huo napajua: India. Kule kuna mabehewa ya jumla, mara nyingi yako kichwani na mkiani mwa treni, na tiketi yake haina namba ya kiti. Anayewahi ndiye anayekaa, kwa hiyo kukimbia ni akili. Mtu aliyesoma Pune au aliyempeleka mgonjwa Chennai anarudi na uzoefu huo, anamgawia ndugu yake anayekwenda kufunga mzigo China, na ndugu anaingia kwenye treni nyingine kabisa akiwa na mbinu za huko.

Treni za China hazina behewa la wasio na namba. Tiketi ya kusimama, ile inayoandikwa 无座, ni ya treni moja na tarehe moja, na kwa kawaida hata namba ya behewa inayo. Kilichokosekana ni namba ya kiti tu. Na kwenye treni za kawaida, zile ambazo namba yake huanza na K, T au Z, utalipa sawasawa na aliyekaa kwenye kiti kigumu, 硬座. Wanaosema ni "daraja la bei rahisi" nao wananichosha, ila leo nina ugomvi na wale wa kuwahi.

Jambo ambalo watu hawataki kulielewa ni hili: kiti huuzwa kwa vipande vya njia. Kiti namba 47 hakina mwenyewe mmoja kutoka mwanzo wa safari hadi mwisho. Kinaweza kuwa cha mama mmoja hadi Shangrao, kikakaa bure hadi Yingtan, halafu kikawa cha kijana anayepandia Yingtan kwenda Zhuzhou. Mfumo ulipokuambia viti vimeisha kati ya Yiwu na Guangzhou, haukusema kwamba behewa litajaa njia nzima. Ulisema hakuna kiti hata kimoja kilicho wazi bila kukatika kutoka Yiwu hadi Guangzhou. Hayo ni mambo mawili tofauti, na nafasi yako ya kukaa iko katikati yake.

Kwa hiyo kazi huanza kabla ya kupanda, kwenye programu ya 12306, ile ya simu ya kununulia tiketi za treni za China. Chukua treni hiyohiyo ya Yiwu hadi Guangzhou. Treni za kawaida zinazopita njia ya Zhuzhou hupitia Jinhua, Quzhou, Shangrao, Yingtan, kisha Xinyu, Yichun na Pingxiang, halafu Zhuzhou, na hapo zinageuka kusini kupitia Hengyang, Chenzhou na Shaoguan. Si kila treni husimama kote huko, kwa hiyo fungua ratiba ya treni yako. Ni safari ya usiku mzima. Ukitafuta Yiwu–Guangzhou unaona 无座 peke yake. Usifunge. Tafuta Shangrao–Guangzhou kwa treni ileile. Kisha Yingtan–Guangzhou. Kisha Zhuzhou–Guangzhou. Tuseme Yingtan–Guangzhou ina viti vigumu vitatu. Basi nunua tiketi mbili za treni moja: ya kusimama Yiwu hadi Yingtan, na ya kiti Yingtan hadi Guangzhou. Hushuki. Treni ikifika Yingtan unahamia kwenye kiti chenye namba yako, na sasa wewe ndiye unayemwonyesha mtu simu.

Tiketi mbili hugharimu zaidi kidogo kuliko moja, kwa sababu nauli ya treni za kawaida hupungua kwa kila kilomita kadiri safari inavyokuwa ndefu, na ukiikata katikati unapoteza punguzo hilo. Ukilinganisha na usiku mzima kwa miguu, lipa. Na usiache kuweka pia ombi la kungoja, 候补, kwa sababu watu hurudisha tiketi hadi siku ya safari, na ombi lisipofanikiwa pesa inarudi yenyewe.

Sasa tuseme hukupata kipande chochote na umepanda na 无座 yako. Behewa la viti vigumu huwa na viti 118 hivi, watatu upande mmoja wa njia na wawili upande wa pili, wakitazamana na kimeza katikati. Kosa la kwanza la wengi ni kusimama karibu na mlango walioingilia na kubaki hapo. Pale kwenye kiungio cha mabehewa ndipo wavutaji wa sigara wanapokwenda, ndipo baridi inapoingilia, na ndipo mbali zaidi na mtu yeyote atakayeacha kiti. Ingia ndani, katikati ya behewa, na uanze kuuliza.

Swali si "kuna mtu hapa?" Swali ni "unashuka kituo gani?" Kama Kichina hakipandi, andika kwenye simu na umwonyeshe mtu:

您在哪站下车?

Uliza watu sita au saba, bila haya. Wachina wanaosafiri kwenye viti vigumu wamezoea swali hili na wengi hujibu bila kinyongo. Ukimpata anayeshuka Shangrao, simama kwenye kona ya kiti chake na umwambie kwamba akishuka ungependa kukaa. Kuanzia hapo una haki fulani, si ya sheria bali ya ustaarabu: aliyepatana kwanza ndiye anayekaa kwanza, na majirani wa kiti watakutetea. Anayekuja mbio dakika ya mwisho atakuta mambo yameisha.

Lakini usikae papo hapo anapoinuka. Hapa ndipo hata wazoefu huaibika. Kiti kinaweza kuwa kimeuzwa kuanzia kituo hichohicho, na mwenyewe yuko nje kwenye foleni. Subiri waliopanda wapite, treni iondoke, zipite dakika kama kumi. Hajatokea mtu? Kaa. Umekaa hadi kituo kinachofuata, si hadi Guangzhou, na kila treni inaposimama jiandae moyoni kuinuka. Akija mwenyewe, inuka mara moja bila mjadala. Nimeona watu wakibishana kwamba "lakini kilikuwa kitupu." Kitupu, ndiyo. Chako, hapana. Na kiti chenye koti au chupa ya chai juu ya kimeza si kitupu kabisa, mwenyewe yuko msalani.

Mahali watu wanaposhuka kwa wingi hutegemea majira, na hili sijaliona likielezwa vizuri popote. Zhejiang, uliko mji wa Yiwu, na Guangdong, uliko mji wa Guangzhou, ni mikoa ya viwanda. Jiangxi na Hunan, ambayo treni hupita katikati, ni nyumbani kwa wengi wa wafanyakazi wake. Kabla ya mwaka mpya wa Kichina, treni inayotoka Yiwu imebeba watu wanaorudi kwao. Huanza ikiwa imeshonana, kisha huachia watu Shangrao, Yingtan, Yichun, na ikishapita Hengyang unaweza hata kunyoosha miguu. Baada ya mwaka mpya treni ileile hugeuka: mwanzo ni nafuu, halafu Zhuzhou, Hengyang na Chenzhou wanapanda watu wanaorudi viwandani Guangdong, na kiti ulichokalia kwa raha tangu Jiangxi kinadaiwa. Msimu huo wa msongamano ni siku 40, kuanzia siku 15 kabla ya mwaka mpya hadi siku 25 baada yake. Nje ya msimu mwelekeo huu hufifia, na kusema kweli kuna usiku ambao hautabiriki kwa kanuni yoyote.

Njia ya pili ni meza ya mkuu wa treni. Kwa kawaida iko kwenye behewa la katikati, jirani na lile la chakula, na hapo ndipo panapofanywa 补票, yaani kulipia tofauti ili uhamie kiti au kitanda. Wahudumu wana kifaa kinachoonyesha kiti au kitanda gani kiko wazi kati ya kituo gani na kipi, kwa hiyo wanajua kile unachokisia. Kama lazima ukimbie mahali, kimbilia hapa. Nenda mara tu unapoweka begi, uliza kitanda kigumu, 硬卧, na ukiambiwa hakuna uliza ni baada ya kituo gani uje tena. Foleni huwa fupi usiku wa manane kuliko saa mbili usiku, na vitanda huachiwa njiani kama viti vinavyoachiwa. Kujaribu kujipenyeza kwenye korido ya mabehewa ya vitanda na kukaa vile viti vya kukunjua ni kupoteza muda. Watakurudisha.

Behewa la chakula? Ukinunua mlo utakaa kadiri unavyokula. Kukaa humo usiku kucha kwa kulipia kinywaji hutegemea treni na hutegemea anayesimamia zamu. Kuna usiku inawezekana na kuna usiku unafukuzwa saa nne. Usilifanye kuwa mpango, lifanye kuwa bahati.

Beba kigoda cha kukunja, vile vidogo vya turubai. Mzigo unaoruhusiwa ni kilo 20 kwa mtu mzima, na kigoda hakikuongezei kitu. Kiweke mwishoni mwa behewa upande wa beseni la kunawia, si mbele ya mlango wa choo wala katikati ya njia, maana kigari cha chakula kitapita tena na tena na kila mara utainuka. Kumbuka pia kwamba vyoo vya mabehewa ya zamani hufungwa treni inapokaribia kituo, na foleni yake huishia miguuni pako.

Mwisho kuna wale wajanja wanaonunua kiti hadi Zhuzhou tu, wakisema wataongezea nauli humo ndani hadi Guangzhou. Siku za kawaida hukubaliwa. Siku treni imejaa, mkuu wa treni ana haki ya kukataa, na atakataa, nawe utateremshwa Zhuzhou usiku na mabegi yako mawili. Kinyume chake ni salama: ukiona Yiwu–Shaoguan imeisha lakini Yiwu–Guangzhou ina kiti, nunua hadi Guangzhou na ushuke Shaoguan. Hakuna atakayekuzuia kushuka mapema, ila nauli ya kipande kilichobaki usiidai.