Kusoma lenzi na tundu lake kutoka kwenye picha ya mfano

Mteja anayetaka picha ya arusi mara nyingi hutuma picha ya mfano kwa WhatsApp na kuandika, "Kaka, nataka nyuma yangu paonekane hivi hivi." Faili lenyewe halina msaada, kwa sababu taarifa za kamera huondolewa picha inapotumwa kwa njia hiyo, hivyo haiwezekani kufungua sehemu ya maelezo na kusoma ilipigwa kwa lenzi gani. Kinachobaki ni picha yenyewe, nayo ina mengi ya kusema kwa mtu anayejua pa kupima. Nitaeleza hapa namna ninavyoisoma, kwa kutumia mfano mmoja: bibi arusi amepigwa jioni bustanini, picha imesimama wima na inamwonyesha kuanzia kichwani hadi kifuani, ameitazama kamera, na nyuma yake taa za mapambo zimegeuka kuwa maduara makubwa ya nuru.

Ninaanza na maduara hayo. Ninaikuza picha kwenye kompyuta, ninapima upana wa duara moja lililo karibu na katikati, kisha ninapima umbali kutoka mboni ya jicho moja hadi mboni ya jicho la pili. Kwa mtu mzima umbali huo ni wastani wa milimita 63. Katika mfano wetu duara lina upana wa robo tatu ya umbali wa macho, yaani milimita 47 hivi, na hiyo milimita 47 ndiyo tundu la lenzi iliyotumika.

Sababu yake ni rahisi kuiona ukifuata njia ya mwanga. Taa iliyo mbali sana hutuma miale inayofika kwenye lenzi ikiwa karibu sambamba, na miale inayoingia ni ile tu inayopita ndani ya tundu. Kwa hiyo mkupuo huo wa mwanga una upana wa tundu tangu unapopita usawa wa uso wa bibi arusi, ambako ndiko fokasi ilikowekwa, na kwenye picha unafunika sehemu ya usawa huo yenye upana uleule. Taa ikiwa karibu zaidi, duara hupungua. Mpiga picha akiwa mita 1.5 kutoka kwa bibi arusi na taa zikiwa mita 15 kutoka kwenye kamera, duara linapungua kwa sehemu moja ya kumi, tofauti ambayo unaweza kuiongeza kichwani. Jambo la kuangalia kwa makini ni mkao wa uso, kwa kuwa akigeuka upande, umbali wa macho unaonekana mfupi kuliko ulivyo na hesabu nzima inapotoka.

Tundu peke yake halitoshi kutaja lenzi, kwa sababu uhusiano wake ni huu:

```
tundu (mm) = urefu wa fokasi (mm) / namba ya f
```

Milimita 85 kwa f/1.8 inatoa 47, na milimita 135 kwa f/2.8 inatoa 48. Maduara yao kwenye picha yenye ukubwa uleule wa uso yatalingana, lakini picha hazitafanana. Kinachozitenganisha ni kina cha fokasi kwenye uso, na hapo ndipo ninapotazama sikio na hereni. Bibi arusi akijaza fremu yenye urefu wa sentimita 60, kwenye kamera ya fremu kamili, f/1.8 inatoa kina cha sentimita 3 na kidogo, na f/2.8 inatoa kama sentimita 5. Sikio liko takriban sentimita 10 nyuma ya macho, kwa hiyo halitakuwa kali katika picha yoyote kati ya hizo mbili. Hata hivyo, kwa f/1.8 mchoro wa hereni unakuwa umeyeyuka na kubaki mng'ao tu, ilhali kwa f/2.8 bado unaweza kutambua umbo lake. Katika mfano wetu hereni imeyeyuka. Tundu ni 47, namba ya f ni karibu 1.8, ukizidisha unapata milimita 85. Na milimita 85 inapojaza sentimita 60 kwenye upande mrefu wa fremu kamili, kamera inakuwa imesimama mita 1.5 kutoka kwa mhusika.

Sasa picha nzima inaweza kuandikwa kwa mstari mmoja ambao msaidizi wangu anauelewa bila kuiona: fremu kamili, milimita 85, f/1.8, mita 1.5, taa mita 15 au zaidi.

Wengi wetu hatupigi kwa fremu kamili. Kwenye kamera yenye sensa ya APS-C, ile ambayo kipimo chake ni 1.5, urefu wa fokasi na namba ya f vyote viwili hugawanywa kwa 1.5, na umbali wa kusimama haubadiliki. Tunapata milimita 56 kwa f/1.2, na lenzi za namna hiyo zipo. Ukigawanya 56 kwa 1.2 utaona tundu limebaki karibu 47. Ugawaji huu wa namba ya f ni wa mwonekano pekee. Mwangaza wa picha unapangwa kwa f/1.2 kama ilivyo, pamoja na ISO na kasi ya shata vinavyofaa.

Mwenye lenzi ya milimita 50 ya f/1.8, ambayo ndiyo iliyomo kwenye mikoba mingi, ana tundu la milimita 28. Maduara yake hayatafika nusu ya umbali wa macho. Ushauri unaotolewa kila mara ni kumsogeza mhusika mbali na mandhari ya nyuma, nao unafanya kazi, lakini hadi kikomo: hata taa zikiwa kilomita moja nyuma yake, duara halitavuka milimita 28. Namwambia mteja hivyo mapema, nikiwa na picha ya majaribio mkononi.

Kukodi milimita 85 ya f/1.8 kwa ajili ya kamera hiyohiyo ya APS-C kunarudisha maduara ya milimita 47, ila sasa unalazimika kusimama zaidi ya mita 2 ili fremu ijae vilevile. Hereni itaonekana wazi zaidi kwa sababu kina cha fokasi kimekua hadi karibu sentimita 5, na bustani itaonekana kwa sehemu finyu zaidi. Kwa picha ya usiku yenye taa nyingi mimi ningeikubali badala hiyo, kwa kuwa jicho la mteja linakwenda kwenye taa kwanza. Kwa picha ambayo mpangilio wa nyuma una maana, kama jengo au safu ya minazi, nisingeikubali.

Kabla ya kupima chochote, hata hivyo, hakikisha kwamba ukungu umetokana na lenzi. Picha ya simu iliyotiwa ukungu na programu hujionyesha kwenye nywele: nyuzi zilizotoka nje ya kichwa zimekatwa au zina ukingo wa nuru, na mara nyingi sikio na hereni ni kali sawa na macho ilhali nyuma yake tu pameyeyuka ghafla. Hakuna lenzi itakayotoa picha hiyo kwa bibi arusi aliyesimama mita 1.5, na mteja aambiwe.

Umbo la maduara nalo linathibitisha hesabu. Lenzi ikiwa imefunguliwa kabisa, maduara ya katikati ni mviringo na yale ya pembeni yamebanwa kama umbo la jicho la paka, kwa sababu mwili wa lenzi unakata miale inayoingia kwa mshazari; hii ndiyo sababu ninapima ya katikati tu. Tundu likibanwa, yale ya pembeni hurudi kuwa kamili, lakini kwenye lenzi nyingi kingo huanza kunyooka na kuonyesha idadi ya bapa za tundu. Katika picha ya bibi arusi, taa za katikati ni mviringo na za pembeni zimebanwa, jambo linaloafikiana na lenzi ya f/1.8 iliyofunguliwa hadi mwisho.