Kala kiporo cha ubarikio sasa anatapika: tunayoambiana na ukweli wenyewe

Tuchukue kisa kimoja tu, maana huku kwetu kinatokea sana. Jumamosi kulikuwa na ubarikio Uyole, pilau imebaki sufuria kubwa, ikafunikwa ikalala jikoni. Jumapili saa sita mchana ikapashwa, wakala, ilipofika saa tisa baba mwenye nyumba na mtoto wa miaka minne wanatapika, tumbo linakata, mtoto kaanza na kuharisha.

"Mbeya baridi bwana, chakula hakiharibiki, halafu si tumekipasha kikachemka?"

Hii ndo inaponza watu wengi. Baridi ya nje haiingii katikati ya sufuria kubwa iliyofunikwa, pale katikati wali unabaki vuguvugu masaa mengi na bakteria wanazaliana. Wapo wanaoishi kwenye wali ambao mbegu zao hazifi hata ukiupika, zinaamka wali ukipoa taratibu na zinatoa sumu, na sumu hiyo hata uichemshe vipi haiondoki. Ndo maana kutapika kunaanza mapema hivyo, ndani ya saa moja mpaka sita baada ya kula.

"Mpe maziwa yakate sumu, au mtie kidole atapike yote"

Hapana jamani. Maziwa hayakati sumu hii, na kumtapisha kwa nguvu ni hatari, matapishi yanaweza kuingia kwenye mapafu hasa kwa mtoto. Anachopoteza huyu mgonjwa ni maji na chumvi, basi hivyo ndo vya kurudisha.

"Anatapika, usimpe maji, atayarudisha tu"

Atayarudisha ukimpa kikombe kizima kwa mkupuo. Akitapika subiri dakika kumi, kisha anza tena na kijiko kimoja cha chai kila dakika moja au mbili, polepole, ukae naye hapohapo. Hata akitapika tena kuna kiasi kinabaki tumboni.

Maji yenyewe ni ORS ya duka la dawa, ile pakiti ya kuchanganya na lita moja, na hapa watu wanakosea sana, wanamimina nusu pakiti kwenye kikombe wakidhani ikiwa kali itafanya kazi haraka. Ikizidi ukali inavuta maji kutoka mwilini na kuharisha kunaongezeka, soda na juisi ya dukani nazo hivyohivyo. Chukua chupa ya lita moja, au pima kwa chupa mbili za nusu lita uyamimine yote kwenye chombo kimoja kisafi, maji yaliyochemshwa yakapoa, mimina pakiti nzima, yakipita masaa 24 mwaga uchanganye mengine. Pakiti hakuna? Lita moja ya maji, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha sio vya mlima. Yule wa miaka minne apate nusu kikombe mpaka kikombe kimoja kila akiharisha, chini ya miaka miwili robo mpaka nusu, na anayenyonya aendelee kunyonya. Mtoto usimpe dawa za kufunga kuharisha.

"Ni tumbo tu, tusubiri kesho"

Kesho iwe kwa anayekunywa na kukojoa. Hawa hapa wapelekwe sasa hivi hata kama ni usiku na ni bodaboda: anayetapika kila kitu, mwenye damu kwenye choo, homa kali au degedege, asiyekojoa masaa sita mpaka nane, macho yameingia ndani, kalegea haamki vizuri, au ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi taratibu. Anayeona vitu viwiliviwili au kushindwa kumeza naye ni dharura.

Na wa Iringa na Mufindi, uyoga wa porini ni habari nyingine kabisa. Kutapika kukianza masaa sita au zaidi baada ya kuula nenda hospitali, usingoje, maana ule mbaya kabisa unampa mtu nafuu kama siku moja huku ini linaharibika.

"Mwaga chakula chote kabla hakijaua mwingine"

Kitoe mezani, asiguse mtu, lakini usikimwage chote. Chota kiasi cha kikombe cha chai kwa kijiko kilichochemshwa, weka kwenye chupa safi yenye kifuniko iliyomwagiwa maji ya moto ikapoa, bandika karatasi: chakula gani, kimepikwa lini, kimeliwa saa ngapi. Weka kwenye friji mbali na vyakula vingine, usigandishe kwasababu barafu inaua baadhi ya bakteria wanaotafutwa. Kama friji hakuna, chupa ikae kwenye ndoo ya maji baridi na uipeleke mapema. Uyoga weka kwenye mfuko wa karatasi, ukiwa na shina lake lote. Kama chakula kimeisha, acha sufuria bila kuosha.

Vyote mpe mganga wa zahanati au bwana afya wa kata, pamoja na majina ya waliokula na ambao hawakula, na kila mmoja alianza kuumwa saa ngapi. Kama waliokula pilau wote wanaumwa na waliokula ugali na maharage wako wazima, hapo wanajua pa kuanzia.