Mfuko wa maji dirishani: watoto wanavyoelewa na mambo yalivyo

Mtoto wa Gredi ya 4 akifundishwa mzunguko wa maji, mara nyingi huonyeshwa mfuko wa plastiki angavu wenye zipu. Ndani yake mna robo kikombe cha maji na matone mawili matatu ya rangi ya bluu ya keki, umefungwa kabisa na kubandikwa dirishani kwa selotepu. Jaribio ni zuri. Tatizo ni kwamba watoto huona mambo ambayo halikuonyesha, na mengine tunawapa sisi wenyewe.

"Bandika dirisha la kusini, ndilo lenye jua."

Maelekezo hayo yanawafaa watu wa Ulaya. Nairobi iko kusini kidogo tu mwa ikweta, kwa hiyo Juni na Julai jua la mchana linakuwa upande wa kaskazini, na Desemba linahamia kusini. Dirisha la mashariki au la magharibi lina jua mwaka mzima. Julai mimi ningechagua la magharibi, maana asubuhi nyingi mawingu hutanda hadi karibu saa sita.

"Matone ya juu ni maji yaliyoruka mwalimu alipokuwa akibandika."

Mtoto anayesema hivi anafikiri vizuri, na hajibiwi kwa kukemewa. Rangi ndiyo inayomjibu. Mwite asogeze uso karibu na plastiki: maji ya chini ni ya bluu, lakini tone lililoshikilia juu halina rangi hata kidogo. Maji yaligeuka mvuke, rangi ikabaki chini, kama chumvi inavyobaki baharini na mvua ikawa tamu. Ukikuta tone la bluu juu, basi hilo kweli liliruka, na mtoto ana haki yake. Ndiyo sababu mfuko ubandikwe taratibu, na sehemu ya juu ipanguswe kwa tishu kabla ya kufunga zipu.

Mwingine atasema maji yamepenya kutoka nje. Apitishe kidole upande wa nje wa plastiki, atakikuta kikavu.

"Jua linayanyonya maji, yanaisha."

Hapa mchoro wa kitabuni una lawama, maana mishale yake mara nyingi hupanda moja kwa moja hadi kwenye jua. Jua linatoa joto tu, halipokei maji. Pima mfuko kwa mizani ya jikoni asubuhi, halafu upime tena alasiri matone yakiwa yamejaa. Kama zipu imeshika, uzito ni uleule. Ukipungua, mfuko unavuja. Weka pembeni mfuko wa pili ulioachwa wazi, wenye maji kiasi kilekile: huo ndio utakaopungua siku baada ya siku.

Wapo pia wanaodhani lazima maji yachemke kwanza. Kwa mwinuko wa Nairobi, maji huchemka karibu nyuzi 94 za Selsiasi, na mfuko wa dirishani haufiki hata karibu na hapo. Nguo kwenye kamba hukauka bila kuchemka.

"Ule ukungu mweupe ndio mvuke."

Mvuke hauonekani. Ukungu kwenye plastiki ni vitone vya maji tayari, na wingu ni hivyohivyo. Kwa hiyo kwenye mchoro, neno "mvuke" liandikwe kwenye nafasi tupu katikati ya mfuko.

"Wingu liko pale tulipolichora."

Walimu wengi huchora jua, wingu na bahari juu ya mfuko wenyewe kwa kalamu ya wino. Unapendeza, lakini matone hayafuati mchoro. Yanatokea kote, hata juu ya jua, na utaulizwa kwa nini jua linatoka jasho. Tena mtoto anaanza kuamini kuwa anga lina kifuniko. Angani hakuna plastiki: hewa hupoa inapopanda, na mvuke hushikamana na chembe za vumbi. Acha mfuko bila mchoro, gusisha kitambaa chenye maji baridi kwenye pembe moja ya juu, kisha watazame matone yakikusanyika zaidi hapo.

Mchoro uchorwe kwenye karatasi, na uwe wa kwetu. Bahari ya Hindi kulia, upepo ukileta mvuke bara, mvua ikinyesha Aberdare, bwawa la Ndakaini, halafu mfereji wa shuleni. Maji machafu yaliyosafishwa huingia Mto Nairobi, nao huingia Athi, ambao huko chini huitwa Galana kisha Sabaki, na kumwagikia baharini kaskazini mwa Malindi. Ongeza mishale midogo ya kupanda kutoka kwenye miti, udongo na nguo kambani, la sivyo watoto watadhani mvuke hutoka baharini tu.