Mtoto mwenye umri wa miezi 999

Katika madodoso mengi, karani akikosa jibu huandika 999. Kwake ni alama tu, lakini kompyuta huisoma kama namba halisi. Ngoja nionyeshe kwa mfano mdogo ambao unaweza kuukokotoa mwenyewe.

Watoto sita wana umri wa miezi 6, 12, 18, 24, 30 na 36. Uzito wao kwa mpangilio huo ni kilo 7.5, 9.0, 10.2, 11.4, 12.6 na 13.8. Mstari wa regresheni unatuambia kwamba kila mwezi mtoto huongezeka gramu 207 hivi. Sasa tuseme mama wa mtoto wa tatu kwa ukubwa hana kadi ya kliniki, na badala ya miezi 24 karani kaandika 999. Tukipiga hesabu upya, ongezeko linashuka hadi gramu 1 kwa mwezi, kana kwamba watoto wameacha kukua.

Kosa hili lingekuwa kwenye uzito tungelishtukia mara moja, maana mtoto wa kilo 999 angeupaisha mstari wote. Kwenye umri halipigi kelele. Nukta iliyo mbali kiasi hicho huuvuta mstari hadi upite karibu kabisa nayo. Katika mfano wetu mstari unamkosa mtoto wa miezi 999 kwa gramu 130 tu, ilhali yule wa miezi 6 unamkosa kwa kilo 3. Ukitafuta kosa kwa kuangalia mabaki makubwa, yaani tofauti kati ya uzito halisi na ule wa mstari, utamshuku asiye na hatia.

Kwa hiyo anza na kima cha chini na cha juu cha kila safu kabla ya kuchora mstari wowote. Katika R:

```r
summary(d$umri)
d$umri[d$umri == 999] <- NA
m <- lm(uzito ~ umri, data = d)
nobs(m)
```

Badilisha safu moja moja ukiwa na kitabu cha misimbo mkononi. Usifute kila 999 kwa mkupuo, kwani gramu 999 ni uzito wa kweli wa mtoto njiti.

Baada ya kusafisha, gramu 207 zinarudi, ila sasa tumebaki na watoto watano. Hapo ndipo penye hatari ya pili, ambayo hutokea pia karani akiacha kisanduku wazi: `lm` huondoa safumlalo nzima bila kukuuliza, na taarifa pekee ni maneno madogo ya `deleted due to missingness` ndani ya `summary(m)`. Ukiwa na vigezo kumi, kila kimoja kikiwa na mapengo yake, unaweza kupoteza nusu ya watoto bila kujua. Linganisha `nobs(m)` na idadi uliyoanza nayo, kisha pima uzito wa walioondolewa dhidi ya waliobaki. Wasio na kadi wakiwa wepesi zaidi, mstari wako unawaeleza watoto wenye kadi peke yao, na ripoti iseme hivyo waziwazi.