Kwa nini chai ya maziwa haikusumbui, lakini kopo la maziwa linakukimbiza chooni

Shemeji yangu anaishi Uyole, Mbeya, na hakuwahi kufuga mpaka aliponunua ng'ombe mmoja wa maziwa. Kabla ya hapo maziwa aliyajua kwenye chai tu. Ng'ombe alipozaa, akajipangia utaratibu wake: akirudi kazini jioni, kabla hajala kitu, anakunywa kopo la nusu lita la maziwa yaliyochemshwa, ndipo asubiri ugali. Siku ya nne akanipigia simu.

"Shem, hili tumbo langu lina nini? Nikinywa saa kumi na mbili, saa moja haijafika nabeua tu. Tumbo linajaa, linanguruma kama kuna mtu ndani. Saa mbili niko chooni, na kinachotoka ni maji."

Alianza kwa kuyachemsha maziwa mara mbili, akidhani yana uchafu. Haikusaidia. Akaenda zahanati moja, akatolewa damu, akaambiwa ana taifodi, akapewa vidonge vya siku saba na onyo asivinywe pamoja na maziwa. Kwa hiyo wiki nzima hakuyagusa. Tumbo likatulia, naye akaamini kwamba vidonge vimemponya. Alipomaliza dozi akarudi kwenye kopo lake, na jioni ileile tumbo likaanza upya. Hapo ndipo aliponipigia tena, safari hii akiwa na hasira.

Hali hiyo inaitwa kutovumilia laktosi. Laktosi ni sukari iliyomo ndani ya maziwa yenyewe; haiongezwi na mtu. Maziwa ya ng'ombe yana takriban gramu 5 za sukari hiyo katika kila mililita 100. Huihisi sana ulimini kwa sababu utamu wake ni mdogo ukilinganisha na wa sukari ya dukani, lakini ipo, na kwenye nusu lita ya shemeji zilikuwamo gramu 24 hivi, karibu sawa na vijiko sita vidogo vya sukari.

Tatizo la laktosi ni umbo lake. Ni sukari mbili ndogo zilizoshikana, glukosi na galaktosi, na mwili hauwezi kuichukua ikiwa bado imeshikana. Lazima kwanza ikatwe katikati. Anayeikata ni kimeng'enya kiitwacho laktasi, ambacho hukaa kwenye kuta za utumbo mwembamba. Kikiwa cha kutosha, laktosi hukatwa huko, sukari zake mbili huingia kwenye damu, na wewe hujui kama kuna kazi imefanyika. Kikiwa kidogo, hukata kadiri kinavyoweza. Chakula tumboni hakisimami kusubiri mtu. Ni kama lori la viazi linalopita taratibu mbele ya wapakuaji watatu: watashusha magunia wanayoyawahi, na yaliyobaki yanaondoka na lori.

Laktosi iliyobaki hufanya mambo mawili.

La kwanza, huvuta maji. Sukari isiyofyonzwa ikijaa ndani ya utumbo, maji hutoka mwilini na kuingia utumboni kuifuata. Utumbo unajaa, unasukuma kwa kasi, na huo ndio mngurumo aliousikia shemeji. Hakuna mdudu aliyeleta maji hayo. Ni maji ya mwili wake mwenyewe.

La pili hutokea mbele zaidi, kwenye utumbo mpana, ambako kuna bakteria wengi mno wanaoishi humo siku zote. Kwao laktosi ni karamu. Wanaichachua, na katika kuchachua huko zinatoka asidi pamoja na gesi: haidrojeni, kaboni dayoksaidi, na kwa baadhi ya watu methani. Gesi inalitanua tumbo na kutafuta njia ya kutokea. Asidi zinaongeza maji mengine. Ndiyo maana choo cha hali hii huwa chepesi, chenye povu, kina harufu ya uchachu, na kinaweza kuwasha njia ya haja. Jambo ambalo huwashangaza watu ni kwamba gesi hizo tatu hazinuki kabisa. Ushuzi ukinuka, harufu hiyo imetokana na gesi nyingine zenye salfa, mara nyingi kutoka kwenye maharage au kabichi uliyoyala, si kwenye sukari ya maziwa.

Na kubeua je? Hapa niseme kweli: mbweu ndiyo dalili dhaifu kuliko zote hizi. Hewa inayotoka kwa kubeua kwa kawaida ni ile uliyoimeza, hasa ukigugumia kopo zima kwa haraka, wakati gesi ya bakteria hutengenezwa chini kabisa na hutokea chini. Mtu aliyejaa tumbo pia huwa na tabia ya kumeza hewa na kujilazimisha kubeua akitafuta nafuu. Kwa hiyo ukibeua tu baada ya maziwa, bila tumbo kujaa wala kuharisha, usikimbilie kuilaumu laktosi. Dalili zikija pamoja, ndani ya nusu saa mpaka saa mbili baada ya kunywa, hapo ndipo pa kuishuku.

Shemeji alikuwa na swali zuri zaidi ya la mbweu. "Mbona chai ya maziwa nakunywa tangu utotoni na sijawahi kuharisha?"

Jibu liko kwenye vipimo. Kikombe chake cha asubuhi kina mililita 300, na maziwa humo ni kama theluthi moja, yaani mililita 100. Hizo ni gramu 5 za laktosi, tena anazinywa na chapati, na chakula hicho kinapunguza kasi ya tumbo kumwaga vilivyomo. Wale wapakuaji watatu wanaziwahi zote. Jioni anawaletea gramu 24 kwa mkupuo, tumbo likiwa tupu. Ni mtu yuleyule na ni maziwa yaleyale ya ng'ombe. Watu wengi wenye upungufu wa laktasi huweza kunywa kikombe kimoja chenye gramu 12 hivi kwa wakati mmoja bila usumbufu wa maana. Shida huanza wanapozidisha.

Kwa hesabu hiyohiyo, kuchemsha hakusaidii, kwa sababu moto unaua vimelea lakini laktosi inabaki. Kuondoa malai hakusaidii pia, maana laktosi haimo kwenye mafuta. Maziwa ya mbuzi yana laktosi pungufu kidogo tu. Maziwa ya unga ukiyakoroga kama ilivyoelekezwa yanarudi palepale. Mwuzaji anayechakachua maziwa kwa maji, ajabu, anakuuzia laktosi kidogo kwa kila kikombe, ingawa maji yenyewe huenda yakakuharisha kwa njia nyingine.

Mtindi ni habari tofauti. Maziwa yanapoganda, bakteria wa kugandisha wameshaila sehemu ya laktosi na kuigeuza asidi, ndiyo ule uchachu. Sehemu kubwa ya laktosi bado imo, lakini bakteria hao wakiwa hai wanaingia tumboni na kimeng'enya chao, na kinaendelea kuikata huko huko. Uzito wa mtindi nao hufanya usipite haraka. Shemeji alikuwa anakunywa mtindi kwa mama mkwe wake Tukuyu kila akienda, bakuli zima na kiporo cha ndizi, na tumbo halikuwahi kusema neno.

Ugonjwa huu, kama ni haki kuuita ugonjwa, haukumpata kwa kuambukizwa. Mtoto mchanga huzaliwa na laktasi ya kutosha, kwa sababu maziwa ya mama yana laktosi nyingi kuliko ya ng'ombe, kama gramu 7 kwa mililita 100. Baada ya kuachishwa ziwa, kwa watu wengi duniani kimeng'enya hicho hupungua mwaka hadi mwaka. Wanaoendelea kuwa nacho ukubwani ni wale waliorithi badiliko fulani kwenye vinasaba. Mwaka 2007 watafiti walioongozwa na Sarah Tishkoff walichapisha matokeo ya vipimo walivyofanya kwa watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakaonyesha kwamba wafugaji wa huku wana mabadiliko yao wenyewe, tofauti na lile la Wazungu. Ndiyo maana ndani ya mji mmoja kama Mbeya utamkuta mmoja anamaliza lita moja na kwenda kulala, na jirani yake hawezi nusu ya hiyo.

Kuna aina nyingine inayopita. Mtoto akiugua kuhara kwa nguvu, kuta za utumbo huchubuka na laktasi hupotea kwa muda. Maziwa ya ng'ombe yanaweza kumsumbua kwa wiki chache, kisha hali hurejea. Kunyonyesha hakukatizwi kwa sababu hiyo.

Kujipima nyumbani hakuhitaji mashine. Nilimwambia shemeji aache maziwa yote kwa wiki mbili, hata ya kwenye chai na aiskrimu. Siku ya kumi na tano asubuhi anywe nusu lita peke yake, asile kitu kwa saa nne, aandike kila kinachotokea na saa yake. Tumbo lilijaa baada ya dakika 50, akaharisha mara mbili, ikaisha kabla ya adhuhuri. Kipimo cha hospitali kinatumia hila nzuri: mtu hunywa laktosi iliyopimwa, kisha hupuliza kila baada ya muda, na haidrojeni hutafutwa kwenye pumzi yake. Chembe hai za mwili wetu hazitengenezi gesi hiyo. Ikionekana imepanda, bakteria wamekula kilichotakiwa kuliwa na wewe.

Kipimo cha damu alichofanyiwa kwa ajili ya taifodi huangalia kingamwili, nazo zinaweza kuwamo kwa mtu aliyewahi kuugua zamani au kuchanjwa. Taifodi ya kweli huja na homa ya siku nyingi. Haipangi saa mbili usiku baada ya kopo la maziwa. Kwa upande mwingine, choo chenye damu, homa, kukonda, kuamshwa usingizini na haja, au kuharisha kunakoendelea hata maziwa yakiachwa, havitokani na laktosi na vinataka daktari. Vivyo hivyo midomo kuvimba, vipele mwilini au kifua kubana mara baada ya maziwa: huo ni mzio wa protini za maziwa, na hapo hata tone moja linaweza kuwa hatari.

Sasa shemeji anakunywa kikombe kidogo baada ya ugali, si kabla. Alianza na robo kikombe na kupandisha kidogokidogo kwa wiki kadhaa. Laktasi haikurudi kwa mazoezi hayo, ila bakteria wa utumbo mpana huzoea na gesi hupungua. Maziwa yanayobaki mkewe anayagandisha.