Vani ina nafasi, lakini mizani inasemaje?

Wiki hii tena nimeletewa vani ya kukagua kama inafaa kugeuzwa jiko la kuuzia chakula, ndefu, paa juu, na mwenye nayo anapiga kifua: "Fundi, humu jiko zima linaingia, na nafasi inabaki." Nafasi sikatai. Nikamuuliza inabeba kilo ngapi, akanionyesha urefu wa bodi.

Tafuta kibao cha kiwandani, mara nyingi kiko kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti. Soma uzito wa juu unaoruhusiwa, kisha peleka gari tupu kwenye mizani. Usiamini kadi ya gari pekee, kwa sababu gari la mkononi huenda limeshaongezwa rafu, sakafu au ndoano ya tela.

Yake ilikuwa na kikomo cha kilo 3,500, na tupu ilipima 2,200. Zikabaki 1,300. Kuta, sakafu na kaunta za chuma cha pua: 380. Friji, friza, jiko na kikaangio: 290. Jenereta, betri na inveta: 110. Mitungi miwili ya gesi ikiwa imejaa: 60. Maji lita 120, kilo 120. Watu watatu: 225. Zimebaki 115 za chakula, vinywaji na barafu. Maji machafu usiyahesabu mara ya pili, ni yaleyale yamehama tangi. Mimi nami makadirio yangu ya mbao na chuma huwa chini karibu kila kazi, kwa hiyo hizo 115 sizitegemei.

Halafu kuna linalonikera zaidi: kurundika vyote nyuma. Tuseme kilo 300 zimekaa mita 1 nyuma ya ekseli ya nyuma, na kati ya ekseli mbili kuna mita 3.5. Ekseli ya nyuma haibebi 300, inabeba karibu 386, na ya mbele inapungukiwa 86. Usukani unakuwa mwepesi, breki za mbele zinashika vibaya, nawe ungali ndani ya kikomo cha jumla! Kuweka springi nene kunainua mkia tu, kibao hakibadiliki. Friza na tangi la maji vikae mbele ya ekseli ya nyuma.

Umeme kwa kifupi: kupika kuwe kwa gesi, umeme ubaki kwa baridi na taa. Betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa 100, ina wati-saa 1,200, nusu tu ndiyo ya kutumia bila kuiua mapema. Kikaangio cha wati 3,000 kingeimaliza nusu hiyo kwa dakika 12, ikiwa ingeweza kabisa kutoa mkondo huo. Friji nayo huhitaji wati nyingi zaidi inapoanza kuwaka, kwa hiyo inveta isiwe ya kubana.

Leseni, uliza kabla ya kulipa: je, gari likigeuzwa jiko usajili unabadilika, na leseni yako ya udereva inaruhusu uzito huo? Nchi nyingi hukata daraja la leseni kwenye kilo 3,500. Bima nayo iandikwe jiko, isiandikwe mizigo.

Mwenye vani aliuliza kama anaweza kupunguza maji. Nikamwambia anaweza, ila kwanza aitoe ile rafu ya chuma iliyokuja na gari. Tuliipima: kilo 74.